Mjadala wa GB moja ndani ya faili la MB moja

Siku za Jumanne na Alhamisi Bunge la Taifa hufungua kikao saa nane na nusu mchana, na kwa kawaida huahirisha shughuli saa moja jioni. Ni saa nne na nusu za watu kusimama na kusema. Kwa mkazi wa Lowarengak, mji wa wavuvi ulio ufukoni mwa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, baadhi ya maneno hayo yanamgusa moja kwa moja. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka wa 2012, kusini mwa kaunti hiyo hiyo. Sheria ya Petroli ya 2019 ikaamua kwamba katika mgao wa serikali kwenye faida, kaunti ipate asilimia 20 na jamii inayoishi yalipo mafuta ipate asilimia 5. Jambo hilo linapojadiliwa tena, au usalama wa wavuvi wa Todonyang unapotajwa bungeni, huyu mkazi ana haki ya kujua nani alisema nini. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 118, inalitaka Bunge lifanye kazi zake waziwazi. Siku hizi uwazi huo humfikia ukiwa umefungwa ndani ya video, na video hupimwa kwa megabaiti.

Tuhesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hoja hii inabaki malalamiko tu. Video ya mtu anayezungumza, ikitazamwa kwa ubora wa 360p, hula takriban kilobiti 500 kwa kila sekunde. Biti 8 ni baiti 1, basi hizo ni kilobaiti 62.5. Kikao cha saa nne na nusu kina sekunde 16,200. Ukizidisha unapata kama GB 1. Mwenye bando la MB 250 atatazama kwa saa moja na dakika sita hivi, kisha picha itaganda. Kama alikuwa akifuatilia moja kwa moja, itaganda yapata saa tisa na dakika 36. Anayejua ratiba ya Bunge anajua kinachotangulia saa hiyo: sala, ujumbe wa Spika, maombi ya wananchi, hati zinazowasilishwa mezani, notisi za hoja, maswali na taarifa. Mara nyingi miswada huja baadaye. Yaani bando limekwisha kabla jambo lililomfanya alinunue halijafika.

Jibu la haraka ambalo wengi hutoa ni kushusha ubora wa picha. Ni ushauri mzuri, ila una mwisho wake, na ni vyema kujua mwisho huo uko wapi. Ukishusha hadi 144p, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa YouTube inachotoa, picha hubaki na kilobiti mia moja hivi kwa sekunde. Sauti nayo ina uzito wake, kati ya kilobiti 48 na 128, kutegemea faili gani simu imepewa. Tukichukua jumla ya 200, kikao kizima bado ni zaidi ya MB 400. Hapo picha imekuwa ukungu, huwezi kumtofautisha mbunge wa Turkana Kaskazini na wa Lamu, lakini bado unailipia. Wapo pia wanaolaza simu kifudifudi au kuzima mwanga wa skrini wakidhani wamebaki na sauti tu. Ukilaza simu, mtandao haujui kwamba umeilaza. Picha inaendelea kuja kama kawaida. Na katika YouTube ya bure, skrini ikizimwa kabisa video husimama.

Ndiyo maana nasema mtu asianze na video, wala asianze na sauti. Aanze na maandishi, kwa sababu maandishi hayo yapo tayari, yameandikwa na binadamu waliolipwa kwa kodi yake, na yanaitwa Hansard. Jina ni la mchapishaji wa London wa karne ya 19, Thomas Curson Hansard. Kazi yenyewe ni ya wahariri wanaosikiliza rekodi ya kikao na kuandika kila hotuba. Faili hutolewa katika tovuti ya Bunge, parliament.go.ke. Fungua sehemu ya Bunge la Taifa au ya Seneti, kisha shughuli za Bunge, kisha Hansard, utaona orodha ya tarehe. Kila kikao ni PDF moja. Saa nne na nusu za mazungumzo ni kama maneno 35,000, na maneno 35,000 yakiwa matupu, bila picha wala mapambo, hayazidi sana kilobaiti 200. PDF huongeza fonti na mpangilio wa kurasa, hivyo tarajia kitu cha kama MB moja. Katika bando lile lile la MB 250 lililomtosha mtu saa moja ya video, vikao vya miezi kadhaa vinaingia.

Tena faili hilo lina kitu ambacho video haina: unaweza kutafuta ndani yake. Hansard ya Bunge la Taifa huandika jina la kila msemaji likifuatwa na eneo bunge lake na chama chake ndani ya mabano. Fungua PDF, bonyeza alama ya kutafuta, andika `Turkana North`, na simu itakurusha kila mahali mbunge wa eneo hilo aliposimama. Ukitaka kujua kama mji wako ulitajwa, usiandike jina zima. Lowarengak huandikwa kwa namna zaidi ya moja, mara ikiwa na ritifaa baada ya `ng`, mara bila, na mhariri aliyeko Nairobi huenda hajawahi kufika. Andika `areng` peke yake. Kipande hicho kitanasa maumbo mengi ya jina ambayo neno kamili lingeyakosa. Jambo jingine: jaribu kutafuta kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Tangu mwaka wa 1974 wabunge wamekuwa wakiruhusiwa kusema Kiswahili bungeni, na Hansard huacha hotuba katika lugha iliyosemwa. Ukitafuta `petroleum` tu utaikosa hotuba nzima iliyotumia neno mafuta.

Sasa nije kwenye mapingamizi, maana yapo na hayana upuuzi. La kwanza ni kwamba Hansard si sauti halisi. Hilo ni kweli. Wahariri husafisha: kigugumizi huondolewa, sentensi iliyovunjika huungwa, neno lililorudiwa mara tatu huandikwa mara moja. Kicheko na makofi hubaki kama neno moja ndani ya mabano. Kejeli haiandikiki. Nakala ya kielektroniki yenyewe hubeba onyo chini ya ukurasa kwamba ni kwa ajili ya taarifa tu, na kwamba nakala iliyothibitishwa hupatikana kwa Mhariri wa Hansard. Pia haitoki siku ile ile. Anayetaka habari ya leo jioni hataipata hapo. Kubwa kuliko yote, Hansard inayochapishwa ni ya kikao cha Bunge zima. Kamati, ambako miswada hukandwa kama unga, zina ripoti zake, na ripoti ni muhtasari wala si mazungumzo yenyewe.

Mapingamizi haya yangenishinda kama ningesema maandishi yanatosha. Sisemi hivyo. Nasema maandishi ndiyo yanayokuonyesha dakika ipi ya video inastahili pesa zako. Chukua mfano wa mtu aliyesoma katika Hansard kwamba mbunge fulani alitaja asilimia ya fedha za jamii, na anashuku kwamba alichosema mdomoni kilikuwa kikali zaidi ya kilichoandikwa. Hansard haiweki saa kando ya kila hotuba. Ina saa ya kufungua na saa ya kufunga tu. Lakini kama faili lina kurasa 60 na hotuba iko ukurasa wa 20, hiyo ni theluthi ya njia, yaani saa moja na nusu baada ya kufunguliwa. Matangazo ya moja kwa moja aghalabu huanza kabla ya kikao, kwa hiyo ongeza dakika hizo za mwanzo. Kwenye kiungo cha video chenye `watch?v=`, ongeza mwishoni `&t=5400s` na itafunguka kwenye saa moja na nusu barabara. Utakuwa umekosea kwa dakika kumi, pengine kumi na tano. Ni heri kutafuta ndani ya robo saa kuliko ndani ya saa nne na nusu.

Kuna njia ya kupunguza hata hiyo robo saa, nayo ni manukuu ambayo YouTube hutengeneza kwa mashine. Yenyewe yana saa kando ya kila mstari. Ndani ya programu ya simu hupatikana kwa kufungua maelezo ya video na kubonyeza `Show transcript`, lakini hapa pana mtego: ukifungua ukurasa, video huanza kucheza, na wakati unasoma yenyewe inakula. Isimamishe kwanza. Zima pia `Playback in feeds` katika mipangilio, la sivyo kila video unayoipita kwa kidole itaanza kucheza yenyewe bila sauti huku ikitoza. Mwenye kompyuta, au mwenye programu ya Termux kwenye Android, anaweza kuomba manukuu peke yake bila kugusa video, kwa chombo kinachoitwa `yt-dlp`:

```
yt-dlp --skip-download --write-auto-subs --sub-langs en "KIUNGO"
grep -n -i "petroleum" *.vtt
```

Mstari wa kwanza unaleta faili la maandishi pekee. Wa pili unaonyesha kila mstari wenye neno hilo, ili uangalie saa iliyo karibu nao. Nimeweka neno la kawaida la Kiingereza kwa makusudi. Usitafute `Lokichar` wala `Lowarengak` humo, kwa kuwa mashine haijui majina hayo na itayaandika kama ilivyosikia. Wala usiyaamini manukuu hayo kwa tarakimu: kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini husikika karibu sawa, na mashine huchagua moja bila kuona haya. Dalili ya kwamba yameharibika kabisa ni rahisi kuiona. Mbunge akihamia Kiswahili katikati ya video ambayo mashine iliihesabu kuwa ya Kiingereza, utaona mfululizo wa maneno ya Kiingereza yasiyohusiana, au `[Music]` mahali ambapo hakuna muziki wowote. Hapo rudi kwenye Hansard, ambako mtu aliyeelewa Kiswahili alikaa na kuandika.

Ukishapata dakika, kinachobaki ni kidogo. Dakika tatu za 360p ni sekunde 180, na 180 mara kilobaiti 62.5 ni kama MB 11. Ukijumlisha Hansard yenyewe na faili la manukuu, mtu ameusoma mjadala, ameutafuta, na amemwona msemaji kwa macho yake, kwa MB zisizofika 20.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na katika Turkana haliwezi kupitwa juu juu: si kila mtu anasoma. Wazee wengi wa kaunti hii hawakupita darasani, na hata aliyesoma hawezi kufurahia kurasa 60 za Kiingereza cha bungeni kwenye kioo cha inchi tano juani. Hapo ndipo sauti inapoingia, lakini lazima ichukuliwe kwa njia inayopunguza kweli. Kosa linalorudiwa kila siku ni kupakua video nzima kisha kuigeuza kuwa MP3. Kugeuza hutokea baada ya kupakua. Bando limeshalipa GB nzima, kilichookolewa ni nafasi ya simu tu. Tovuti zinazojinadi kugeuza video kuwa MP3 nazo hujaa matangazo na vitufe bandia vya kupakua, na wakati mwingine unachopakua ni programu ya wizi. Inayofaa ni kulichukua faili la sauti ambalo YouTube tayari inalihifadhi kando na picha:

```
yt-dlp -F "KIUNGO"
yt-dlp -f 249 "KIUNGO"
```

Amri ya kwanza inaonyesha orodha. Tafuta mistari yenye `audio only` na usome ukubwa. Namba 249 kwa kawaida ni sauti ya Opus ya kilobiti 50 hivi kwa sekunde, inayotosha kabisa kwa maneno ya mdomo. Kama haipo kwenye orodha, chukua ndogo iliyopo. Usitumie `-x` peke yake, kwa kuwa chombo hicho kikiachiwa hiari huchagua sauti bora kuliko zote, na bora maana yake ni nzito. Kikao kizima kwa namba 249 ni kama MB 100, sehemu moja ya kumi ya video. Bado ni mara mia ya Hansard, na ndiyo maana nimeiweka ya pili.

Ni haki kusema kwamba masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya njia zake yenyewe pasipo idhini, na aliyesoma hapo juu akasita hana kosa. Hansard haina utata huo. Imewekwa ili ipakuliwe. Kuweka vyombo hivi kwenye simu pia kunakula MB nyingi, kwa hiyo si kazi ya kufanyia Lowarengak. Ni ya kufanyia Lodwar au Kakuma, penye Wi-Fi au kwenye saiba, siku mtu alipokwenda kwa shughuli nyingine. Faili likishaingia katika simu moja huhama kwenda nyingine kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu bila kugusa bando la mtu. Na huyo mmoja aliyesoma Hansard anaweza kukaa chini ya mti wa wazee na kuwaeleza kwa Kiturkana, jambo ambalo video ya Kiingereza, hata ingekuwa ya bure, isingewafanyia. Redio za huku zinazotangaza kwa Kiturkana, kama Akicha ya Lodwar na Ata Nayeche ya Kakuma, zinaweza kusoma ukurasa mmoja hewani na kuwafikia watu ambao hawana simu ya kioo kabisa.

Yapo mambo ambayo hoja hii haiyagusi. Mvuvi anayetaka kujua namna ya kubadilisha pampu ya maji ya injini ya mashua hawezi kusomewa; anahitaji kuona mkono umeshika bisibisi wapi na kipande cha mpira kimeelekea upande gani. Sura ya shahidi anayejibu kamati nayo ni ushahidi. Lakini hata injini, katika somo la dakika ishirini, huonyesha kazi yenyewe kwa dakika nne au tano; kinachobaki ni mtu anayejitambulisha na kuomba ufuate ukurasa wake. Manukuu yatakuambia zile dakika nne ziko wapi.

Lawama haimwangukii mwenye bando dogo. Bunge la Taifa lina wahariri, na kwa sababu hiyo mwananchi wa mbali ana pa kuanzia. Bunge la Kaunti ya Turkana, lililo Lodwar, linafungwa na Kifungu cha 196 kufanya kazi kwa uwazi kama lile la Nairobi linavyofungwa na cha 118, na mijadala yake juu ya maji, shule na barabara ya kaskazini inamhusu mtu wa Lowarengak kuliko mingi ya Nairobi. Ombi kwa karani wa bunge hilo, na kwa kila ofisi ya kaunti au shirika la Kakuma linalorusha mkutano wa hadhara mtandaoni, ni dogo. Kando ya kila kiungo cha video wekeni faili mbili: nakala ya maandishi, na sauti ya Opus ya kilobiti 24 kwa sekunde. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, kiwango hicho kinasikika vizuri. Saa moja yake ni MB 11.